Mahali pa kitenzi baada ya weil, denn, obwohl na deshalb

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kijerumani huzielewa maana za maneno haya manne kwa dakika chache, kisha huendelea kuyakosea kwa miezi mingi. Chanzo cha makosa hayo kimo katika lugha yetu wenyewe. Tukisema “ninakwenda kwa miguu kwa sababu basi haliji”, au “basi haliji, kwa hiyo ninakwenda kwa miguu”, kiunganishi hakisogezi neno lolote kutoka mahali pake. Katika Kijerumani, maneno mawili yenye maana moja, kama “weil” na “denn”, yanaweza kukiweka kitenzi mahali tofauti kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kukariri pamoja na maana kile ambacho kila neno linakifanya kwa kitenzi.

Katika somo hili tutatumia sentensi mbili zilezile karibu muda wote, ili macho yafuate kitenzi peke yake:

Ich gehe zu Fuß. (Ninakwenda kwa miguu.)
Der Bus kommt heute nicht. (Basi haliji leo.)

Hatua ya 1: Hesabu nafasi, usihesabu maneno

Katika sentensi ya kawaida ya maelezo, kitenzi kilichobadilishwa kulingana na mtendaji (hapa “gehe” na “kommt”) hukaa katika nafasi ya pili. Nafasi moja inaweza kubeba maneno kadhaa: “der Bus” ni maneno mawili, lakini ni nafasi moja. Ukitanguliza “heute”, neno hilo linaijaza nafasi ya kwanza, kitenzi kinabaki pale pale, na mtendaji analazimika kuhamia nyuma yake: “Heute kommt der Bus nicht.” Ukiandika “Heute der Bus kommt nicht”, rudi kwanza kwenye hatua hii, kwa sababu atakayeikosea atakosea pia “deshalb”.

Hatua ya 2: denn ni sifuri

“Denn” husimama kati ya sentensi mbili bila kuchukua nafasi yoyote. Tunaihesabu kuwa ni sifuri, na sentensi inayofuata inaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea:

Ich gehe zu Fuß, denn der Bus kommt heute nicht.

“Und”, “aber”, “oder” na “sondern” hufuata kanuni hiyohiyo. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hili ndilo kundi jepesi, kwa kuwa linafanana na mazoea yetu.

Hatua ya 3: deshalb ni moja

“Deshalb” ni kielezi, kama “heute”. Kikitangulia, kinaijaza nafasi ya kwanza, na kitenzi kinafuata papo hapo:

Der Bus kommt heute nicht, deshalb gehe ich zu Fuß.

Tazama pia upande wa maana. “Weil” na “denn” hutangulia sababu, ilhali “deshalb” hutangulia matokeo. Wanafunzi wengi hulichanganya neno hili kwa kuwa hulitafsiri kuwa “kwa sababu hiyo”, kisha wakiwa na haraka hulisahau neno “hiyo”, wakaandika “Ich gehe zu Fuß, deshalb kommt der Bus heute nicht.” Kisarufi sentensi hiyo haina kosa hata moja, lakini inadai kwamba basi limekataa kuja kwa kuwa mimi ninatembea.

Hatua ya 4: weil na obwohl hupeleka kitenzi mwisho

Maneno haya mawili hufungua kishazi tegemezi, na ndani ya kishazi hicho kitenzi kinakwenda mwisho kabisa, nyuma hata ya “nicht”:

Ich gehe zu Fuß, weil der Bus heute nicht kommt.
Ich gehe zu Fuß, obwohl es stark regnet. (Ninakwenda kwa miguu ingawa mvua inanyesha sana.)

Vikiwapo vitenzi viwili, kile kilichobadilishwa kulingana na mtendaji ndicho kinachofunga mlango: “weil der Bus nicht gekommen ist”, “weil ich um acht Uhr im Krankenhaus sein muss”. Kitenzi ambacho hugawanyika katika sentensi ya kawaida, kama katika “Der Bus fährt um sieben ab”, huungana tena kuwa neno moja: “weil der Bus um sieben abfährt”.

Hatua ya 5: Kishazi kikitangulia

Hapa ndipo hata wanafunzi wazuri hujikwaa. Kishazi kizima cha “weil” au “obwohl” kikiwekwa mbele, chote kinahesabiwa kuwa nafasi ya kwanza ya sentensi kubwa. Kitenzi cha sentensi kuu kinapaswa kuwa cha pili, kwa hiyo kinakuja mara tu baada ya mkato:

Weil der Bus heute nicht kommt, gehe ich zu Fuß.

Matokeo yake ni vitenzi viwili vinavyotazamana, mkato ukiwa katikati: “kommt, gehe”. Unaposahihisha maandishi yako, tafuta jozi hiyo. Ukikuta “kommt, ich gehe”, umekosea.

Maswali ya wanachama

*Swali:* Mwalimu, nimezoea kusema “ingawa mvua inanyesha, lakini nitakwenda”. Niliandika “Obwohl es regnet, aber ich gehe zu Fuß”, nikasahihishwa kwa wino mwekundu. Kosa liko wapi?

*Jibu:* Kiswahili cha wengi huruhusu “ingawa” na “lakini” zishirikiane, kila moja upande wake. Kijerumani hakiruhusu “obwohl” na “aber” zigawane kazi hiyo moja. Chagua neno moja tu: “Obwohl es regnet, gehe ich zu Fuß”, au “Es regnet, aber ich gehe zu Fuß”. Kuna njia ya tatu pia, nayo ni “Es regnet, trotzdem gehe ich zu Fuß”, kwa kuwa “trotzdem” ni ndugu wa “deshalb” na huhesabiwa kuwa moja.

*Swali:* Je, naweza kuanza na “denn”, kama ninavyoanza na “weil”?

*Jibu:* Hapana. Sababu yenye “denn” huja baada ya jambo linaloelezwa. Hata ukiulizwa “Warum gehst du zu Fuß?”, utajibu “Weil der Bus nicht kommt”, wala hutajibu kwa “denn”. Ukiiona “denn” ndani ya swali, kama “Was machst du denn?”, hilo si kiunganishi, linatia tu ladha ya mshangao au udadisi, na halihusiani na somo hili.

*Swali:* Ninaishi na Wajerumani, na nawasikia wakisema “weil ich bin müde”. Kwa nini mimi nikisema hivyo nasahihishwa?

*Jibu:* Umesikia sawasawa. Katika mazungumzo Wajerumani wengi husema hivyo, mara nyingi wakitua kidogo baada ya “weil” kana kwamba wamesema “denn”. Katika maandishi rasmi na katika mtihani, umbo hilo bado huhesabiwa kuwa kosa, kwa hiyo andika “weil ich müde bin”.

*Swali:* Nimeona “Ich gehe deshalb zu Fuß”. Mbona “deshalb” haiko mwanzoni?

*Jibu:* Kwa kuwa ni kielezi, inaweza kuhamia ndani ya sentensi. “Ich” imechukua nafasi ya kwanza, “gehe” imebaki ya pili, na “deshalb” imesogea nyuma. Jaribu kuisogeza “denn” hivyo, na sababu uliyotaka kuieleza itapotea.