SOMO: Umeitwa usaili kesho na una kazi, ruhusa unaiombaje?

Swali hili naulizwa kila mara, sasa naliandika hapa niwe naelekeza watu. Tuchukue mfano: uko kazini Tanga mjini, saa nane mchana unapigiwa simu, usaili ni kesho saa tatu asubuhi, Dar.

1. Toka nje ndiyo uongee. Barua pepe ya ofisini usiitumie.

2. Andika jina la aliyepiga, nafasi gani, ofisi iko wapi, vyeti gani vinatakiwa.

3. Usikubali papo hapo. Basi la alfajiri kutoka Tanga linafika Dar mchana, kwa hiyo saa tatu maana yake unaondoka leo. Tuma ujumbe: "Nashukuru kwa mwaliko. Nipo Tanga na kesho nina zamu. Inawezekana iwe saa tisa alasiri? Nitathibitisha leo kabla ya saa kumi na moja." Wakiita watu wengi kwa pamoja hawasogezi. Wakisaili mmoja mmoja, mara nyingi wanasogeza.

4. Ruhusa. Hapa ndipo watu wanajiharibia. Jamaa mmoja alisema mtoto anaumwa, bosi akampa likizo ya dharura, kisha akadai karatasi ya hospitali. Usaili ulimwendea vizuri, lakini kesi ya udanganyifu ikamsubiri kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 4 zenye malipo kwa mtoto kuumwa au kufiwa na ndugu wa karibu. Usaili haumo humo. Omba siku 1 ikatwe kwenye likizo yako ya mwaka, zile siku 28. Sheria hiyo hiyo inaruhusu. Mwambie bosi: "Nina shughuli binafsi kesho, naomba siku moja ikatwe kwenye likizo. Fulani amekubali kushika zamu yangu." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango, kwa hiyo mtafute huyo fulani kwanza. Upate jibu kwa maandishi. Ukikataliwa, usitoroke, rudi kwa waliokuita uombe siku nyingine.

5. Ukishapata ruhusa ndipo uthibitishe usaili.

MASWALI

— Mkuu, nikisema naumwa mimi mwenyewe je?
Soma namba 4.

— Nimesoma, ila bosi wangu mkali.
Mkali ndiye anayedai cheti cha daktari. Umesoma kweli?

— Shikamoo kaka. Mimi nina miezi minne tu kazini, likizo ninayo?
Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Chini ya miezi 6 huna haki ya likizo yenye malipo. Omba siku isiyo na malipo, au badilishaneni zamu na mwenzako, bosi akijua. Na kwa waliokuita, waombe wasimpigie mwajiri wako wa sasa mpaka wakupe ofa.

— Akiniuliza "shughuli gani"?
"Ni ya binafsi, bosi, keshokutwa nipo." Usiongeze neno. Ukianza kutunga, utaulizwa la pili.

— Nyongeza: ofisi ikiwa Posta, kushuka stendi ya Magufuli pale Mbezi si kufika. Tenga saa nzima na zaidi.
Kweli kabisa. Na shati la usaili libebe mkononi, usilikunje kwenye begi.