Ukalimani wa kupokezana mbele ya daktari: sikiliza, andika kidogo, sema yote

Nafanya ukalimani kati ya madaktari wanaozungumza Kiingereza na wagonjwa wa Kiswahili. Daktari anasema, ananyamaza, nami nasema. Tuchukue mfano mmoja tuufuate.

Daktari amesema: mama ameze kidonge kimoja mara mbili kwa siku, saa 8 asubuhi na saa 8 usiku kwa hesabu ya Kiingereza, baada ya kula, siku 7. Akitoka vipele au midomo ikivimba, aache dawa na arudi haraka. Mtoto asipewe, kwa sababu kipimo chake ni kingine.

Hatua ya 1: Gawa mafungu. Usikariri maneno, shika mambo. Hapa yapo matatu: namna ya kumeza, hatari, katazo. Mimi huyahesabu kwa vidole chini ya meza. Nikianza kusema najua nadaiwa matatu. Nikifika mawili nikanyamaza, kuna kitu nimekiangusha. Yakizidi manne au matano, inua mkono umwombe msemaji atue.

Hatua ya 2: Andika kidogo. Shuka chini ya ukurasa, usiende pembeni, na piga mstari kila fungu linapoisha:

kidonge 1
  ×2: 8 asb, 8 usk
  kula → meza
siku 7
———
vipele / midomo↑
  → ACHA, rudi!
———
mtoto ✗
  kwsb kipimo

Namba na majina andika papo hapo, maana ndivyo vinavyopotea kwanza kichwani. Viunganishi kama "kwsb" na "lkn" pia visikosekane. Bila hivyo utabaki na orodha isiyo na hoja. Anayeandika sentensi nzima ameshaacha kusikiliza, na utamjua: fungu la mwisho hana.

Saa naziandika kama zilivyosemwa, nageuza mdomoni tu: "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku." Ukigeuza mara karatasini, mara mdomoni, ipo siku utageuza mara mbili au usigeuze kabisa, na mgonjwa atameza dawa saa nane mchana.

Hatua ya 3: Sema kwa nafsi ya msemaji. Mama akisema "naogopa dawa hii", nawe sema kwa Kiingereza "naogopa", si "anasema anaogopa". Waeleze wote wawili hivyo kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Usitie lako. Hapa ndipo pagumu. Mama ananigeukia: "Mwanangu, wewe unaonaje, niinywe?" Heshima inanisukuma nimjibu. Simjibu. Nampelekea daktari swali lilivyo, huku nikimwambia mama, "Nimemuuliza daktari, mama." Na akisema kwa hasira, "Mwezi jana mlinipa dawa ya bure kabisa," siilainishi iwe "dawa haikumsaidia sana." Daktari akiisikia hasira hiyo huuliza alivyoimeza, na mara nyingine hugundua mama aliiacha siku ya tatu.