Kamera zinakwama ukiziangalia kwa data? Punguza ubora wa Sub Stream

Kama picha za kamera za ulinzi zinakwenda vizuri ukiwa kwenye waifai ya nyumbani lakini zinagandaganda ukiwa nje kwa data, usikimbilie kulaumu simu. Mara nyingi simu inavuta mkondo mkubwa wa video, ule ule unaorekodiwa. Kamera moja ikiwa kwenye 4096 kbps inakula karibu GB 1.8 kwa saa, na kamera nne kwa pamoja zinahitaji kasi ya kupakia ya takriban Mbps 16. Intaneti nyingi za nyumbani haziwezi kupakia hivyo.

Ingia kwenye mipangilio ya video ya rekoda, chagua `Sub Stream`, yaani mkondo mdogo, kisha weka 640x480, fremu 10 kwa sekunde na 256 kbps. Hapo kamera moja inatumia kama MB 115 kwa saa. Rudia kwa kila kamera, na uhifadhi. `Main Stream`, yaani mkondo mkubwa, usiiguse, maana kwa kawaida ndiyo inayorekodiwa kwenye diski.

Kisha kwenye programu ya simu chagua mkondo mdogo. Wengi husahau hapa. Kwa mkondo huo namba ya gari hutaisoma vizuri, kwa hiyo ukihitaji undani, fungua kamera hiyo moja tu kwa mkondo mkubwa.