SOMO: Kwa nini ruta mbili za RIP zinadanganyana, na namna ya kuliona hilo kwa macho yako

Wakuu, mwezi huu nimejibu swali hili mara tano kwa simu: "Laini imekatika, lakini ruta bado inaonyesha njia ipo, na namba ya metriki inapanda yenyewe. Nifanyeje?" Naandika mara moja hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu.

Mfano wetu ni wa hapa hapa Mwanza. Ruta moja ipo Capri Point, nyingine Igoma. Ya Capri Point ina laini ya redio inayovuka maji hadi Kamanga, na mtandao wa Kamanga tuuite 10.50.9.0/24. Igoma haiujui huo mtandao yenyewe. Imeambiwa na Capri Point.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa vekta ya umbali, mtindo ambao RIP inautumia kupashana njia. Ruta haina ramani. Kila sekunde 30 inamwambia jirani yake maneno mawili tu: mtandao fulani naufikia, na uko hatua kadhaa. Haimwambii anapitia kwa nani. Jirani anaongeza 1 na kuandika. Capri Point imeshikana na Kamanga moja kwa moja, kwa hiyo ina 1, na Igoma inaandika 2.

Sasa laini ya Kamanga ife. Capri Point inafuta njia yake, na kabla haijatangaza msiba, Igoma inatoa taarifa yake ya kawaida: "Kamanga naifikia, hatua 2." Capri Point inafurahi kusikia kuna njia, inaandika 3 kupitia Igoma. Haijui kwamba hizo hatua 2 za Igoma ni njia yake yeye mwenyewe iliyokufa. Zamu inayofuata Capri Point inasema 3. Igoma imeitegemea Capri Point tangu mwanzo, hivyo inalazimika kukubali hata habari mbaya kutoka kwake, inaandika 4. Kisha 5, 6, 7. Huku ndiko kuhesabu hadi infiniti. RIP imeamua infiniti ni 16, hivyo hesabu inakoma hapo. Kwa taarifa za sekunde 30 peke yake, kila mzunguko unaongeza 2, kwa hiyo kutoka 3 hadi 16 ni kama dakika tatu na nusu. Muda wote huo pakiti za Kamanga zinarushwa kati ya Igoma na Capri Point kama mpira.

Tuijenge.

Hatua ya 1. Mashine mbili za Linux zenye FRR, zimeunganishwa kwa `eth1`. Kwenye `/etc/frr/daemons` weka `ripd=yes`, anzisha upya. Kisha kwa zote mbili andika `sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1 net.ipv4.conf.all.accept_local=1`, ili zipitishe pakiti, na Igoma isizitupe pakiti zake yenyewe zinapoirudia.

Hatua ya 2. Kwenye Capri Point tengeneza Kamanga ya bandia:

```
ip link add dummy0 type dummy
ip addr add 10.50.9.1/24 dev dummy0
ip link set dummy0 up
```

Hatua ya 3. Washa RIP pande zote mbili, na uzime `split-horizon`, kinga tutakayoirudisha kwenye hatua ya 7. Igoma haina `dummy0`, mstari huo iache.

```
router rip
 network eth1
 network dummy0
!
interface eth1
 no ip rip split-horizon
```

Hatua ya 4. Igoma, andika `show ip rip`. Lazima uone 10.50.9.0/24 kwa metriki 2. Usipoona, usiendelee.

Hatua ya 5, na hapa someni polepole. Mimi nilipoteza jioni mbili kwenye hatua hii. Nilikuwa nashusha `dummy0`, naangalia Igoma, na namba inaruka moja kwa moja hadi 16. Hakuna kuhesabu kokote. Nikahitimisha kwamba tatizo lenyewe limeshapitwa na wakati, na nikawaambia wenzangu hivyo. Nilikosea. RIP haisubiri sekunde 30 njia inapokufa. Inatuma taarifa ya dharura papo hapo yenye 16, na kwenye meza yenye kebo fupi taarifa hiyo hufika kila mara kabla Igoma haijasema neno. Kuhesabu kunatokea pale tu taarifa hiyo inapopotea au inapopishana njiani na taarifa ya jirani. Kwenye laini ya redio wakati wa mvua, pakiti kupotea si jambo la ajabu, na RIP inatumia UDP, kwa hiyo hakuna anayeirudia. Basi inabidi uipoteze kwa makusudi. Capri Point:

```
iptables -A OUTPUT -p udp --dport 520 -j DROP
ip link set dummy0 down
```

Subiri hadi `show ip rip` ya Capri Point ionyeshe 3 kupitia Igoma. Ndipo ufungue:

```
iptables -D OUTPUT -p udp --dport 520 -j DROP
```

Tahadhari mbili. Usikawie kufungua: Igoma isiposikia chochote kwa sekunde 180 inaiua njia yenyewe na jaribio linaharibika. Na usifanye haya kwenye ruta inayohudumia watu, maana ukisahau ule mstari wa `iptables` njia zako zote zitakufa moja baada ya nyingine.

Hatua ya 6. Tazama Igoma kwa `watch -n1 'vtysh -c "show ip rip"'`. Utaona 4, 6, 8, hadi 16. Itakwenda haraka kuliko dakika tatu na nusu, kwa sababu kila badiliko linaamsha taarifa ya dharura, nazo hupishana kwa sekunde 1 hadi 5. Ping 10.50.9.5 kutoka Igoma wakati huo huo: jibu ni `Time to live exceeded`, na `traceroute` inarudia anwani mbili zile zile. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta kazini.

Hatua ya 7. Rudisha `dummy0`, kisha weka `ip rip split-horizon` pande zote, rudia hatua ya 5. Kanuni yake ni hii: habari usimrudishie aliyekupa. Igoma inanyamaza kuhusu Kamanga inapozungumza na Capri Point, na uongo hauzaliwi.

Hatua ya 8. Jaribu `ip rip split-horizon poisoned-reverse`. Hapa Igoma hainyamazi, inasema waziwazi: "Kamanga kupitia kwangu ni 16." Tofauti inaonekana kama uongo umeshaingia tayari. Aliyenyamaziwa anasubiri sekunde 180 hadi njia izeeke. Aliyepewa sumu anaiacha njia hiyo kwenye taarifa ijayo. Gharama yake ni taarifa kuwa ndefu. Pakiti moja ya RIP inabeba njia 25 tu, hivyo ruta yenye njia 200 itatuma pakiti 8 kila sekunde 30 hata kwa jirani asiye na faida nazo.

MASWALI

Kijana wa Buswelu: Mkuu haifanyi kazi kwangu.

Mwandishi: Haifanyi nini? Weka `show ip rip` ya pande zote mbili.

Kijana wa Buswelu: Capri Point inaonyesha 3 kupitia Igoma, Igoma inaonyesha 2. Zimekaa hapo hapo, hazipandi.

Mwandishi: Umezima `split-horizon` Igoma peke yake. Hatua ya 3 ni kwa mashine zote mbili. Igoma inamdanganya Capri Point, lakini Capri Point hairudishi, kwa hiyo hesabu haipandi. Pakiti zinazunguka vilevile hadi zile sekunde 180 ziishe. Namba kutulia si dalili ya uzima.

Fundi Minara: Kaka, kwa nini uhangaike? Weka OSPF yaishe.

Mwandishi: Anayeweza kuweka OSPF aweke. Somo hili ni la mwenye ruta ndogo zinazojua RIP tu, na wako wengi mwambao huu. Hujasoma mstari wa kwanza.

Dada Seva: Shikamoo kaka. Naomba kuelewa kitu kimoja. Kama sumu inamaliza kazi, kwa nini infiniti ibaki 16? Si tungeweka hata 100 tupate mtandao mrefu?

Mwandishi: Marahaba dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Sumu inamaliza uongo wa watu wawili tu. Ongeza ruta ya tatu, Kirumba, iliyounganishwa na Capri Point na Igoma, tupate pembetatu. Kamanga inakufa. Capri Point inatangaza 16. Igoma inasikia, Kirumba pakiti yake inapotea, bado ina 2. Kirumba inamwambia Igoma 2, na haivunji kanuni yoyote, kwa sababu habari hiyo hakuipata kwa Igoma bali kwa Capri Point. Igoma inaandika 3 kupitia Kirumba, inamwambia Capri Point, Capri Point inaandika 4 kupitia Igoma. Capri Point inamwambia Kirumba, Kirumba inaandika 5. Kisha Igoma 6, Capri Point 7. Kila mmoja anamheshimu aliyempa habari, na bado uongo unazunguka. Breki pekee iliyobaki ni ile 16. Ungeweka 100, duara hilo lingechukua mara sita zaidi. Ndiyo maana mtandao wa RIP hauzidi hatua 15: urefu umetolewa sadaka ili uongo ufe mapema.

Dada Seva: Kwa hiyo hakuna dawa kamili ndani ya vekta ya umbali?

Mwandishi: Ipo, ila si ndani ya RIP. Itifaki ya Babel, iliyoandikwa kwenye RFC 8966 ya mwaka 2021, inafanya hivi: ruta inakumbuka umbali mfupi kabisa iliowahi kuutangaza, na inakataa njia yoyote ya jirani ambayo si fupi kuliko huo. Igoma ilishatangaza 2. Kirumba akija na 2 inamkataa, maana huenda njia hiyo inapita kwake mwenyewe. Duara linakatika kabla halijaanza. Wakati mwingine inakataa hata njia nzuri, ndipo inaomba namba mpya ya mfuatano kutoka kwa mwenye mtandao. FRR inayo, ni `babeld`. Ukiijaribu kwenye pembetatu, lete matokeo hapa.

Mvuvi wa Nansio: Mimi laini yangu inavuka ziwa. Redio ikipoteza mawimbi, ruta haitumi taarifa ya dharura kabisa, inakaa dakika tatu. Split-horizon nimewasha.

Mwandishi: Kwa sababu kebo kati ya ruta na redio bado ni nzima. Ruta inaona `eth1` iko juu, haijui kwamba hewani pamekatika, hivyo inangoja sekunde 180. Punguza muda: `timers basic 5 15 10`, na weka hivyo hivyo kwenye ruta zote. Ukiweka upande mmoja tu, upande wa sekunde 15 utamngoja jirani anayesema kila sekunde 30, na njia zitakuwa zinakufa na kufufuka siku nzima.

Mvuvi wa Nansio: Nilishaweka upande mmoja jana. Ndiyo maana.

Mwandishi: Rekebisha upande wa pili, kisha `show ip rip status` pande zote, mistari ya muda lazima ifanane.