Maziwa kwenye chai, usiyamwage bado

Kuna hii stori kwamba ukitia maziwa kwenye chai basi antioksidanti zote kwishnei, jamani si hivyo. Kweli protini ya maziwa, kaseini, inashikana na katekini, ndizo hizo antioksidanti za chai, na watafiti wa Berlin mwaka 2007 walipima wanawake 16 wakaona chai kavu inatanua mishipa ya damu ila yenye maziwa asilimia 10 tu haitanui. Lakini Waholanzi mwaka 1998 walipima damu yenyewe, katekini ziliingia vilevile, maziwa yawepo yasiwepo. Na yote hayo ni watu wachache, chai ya majani meusi, sio hii yetu ya kuchemsha nusu maziwa. Mi nakunywa kikombe kimoja kavu, kingine cha maziwa, sukari ndo nimepunguza.