Pushova kwa mkono: fremu moja, hinji nne, mpaka msogeo lengwa

Wiki iliyopita nilikaa na dogo mmoja tunayefanya naye kazi, anafanya pushova, yaani kusukuma fremu kwa mlalo kidogo kidogo mpaka nguvu yake iishe, na kurva yake ya nguvu na msogeo ilikuwa inatoka kwenye programu imenyooka vizuri lakini haikukubali kulingana na hesabu ya mkono, na tulimaliza karibu siku nzima tukitafuta kosa ambalo lilikuwa mstari mmoja tu. Nimeamua kuandika hatua zote na namba zake ili mwingine akikwama ajue pa kuangalia. Mimi naamini kabisa kwamba kabla hujafungua programu yoyote ya pushova, ufanye kwanza fremu moja ndogo kwa kalamu, maana ile kurva si siri, ni vipande vya mistari minyoofu vilivyoungwa na kila kona ya kuungia ni hinji moja imezaliwa, yaani sehemu moja imefika mwisho wa momenti yake na kuanza kuzunguka.

Hatua ya 1: Fremu yenyewe

Fremu ya zege ya ghorofa moja, nguzo mbili za mita 3 zimekazwa chini, bimu ya mita 6. EI ya nguzo (zege ikiwa imeshapasuka, usitumie ile ya zege zima) ni 24,000 kNm², ya bimu ni mara mbili yake. Momenti ya plastiki ya nguzo ni 150 kNm, ya bimu 120 kNm, na kwa mfano huu bimu ina uwezo uleule ikivutwa juu au chini. Bimu inabeba 15 kN/m. Tunasukuma kwa nguvu V pale juu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Hatua ya 2: Mzigo wa wima unaingia kwanza, halafu unabaki

Tetemeko halikuti jengo tupu. Kwa hiyo kabla hujasukuma, mzigo wa wima unakuwa umeshaleta momenti zake: hapa ni 30 kNm kwenye kila pembe ya juu na 15 kNm chini ya kila nguzo. Ukisukuma kwenda kulia, momenti za nguzo ya kulia zinajumlishwa na hizo, za kushoto zinapunguzwa. Ndiyo maana fremu yenye pande mbili zinazofanana haivunjiki sawa pande zote, upande wa kulia unaanza kuchoka mapema.

Hatua ya 3: Hinji moja baada ya nyingine

Fremu ikiwa bado nzima, V inaleta momenti ya 0.643V kila pembe ya juu na 0.857V kila chini ya nguzo, na ugumu wa mlalo ni 14,933 kN/m. Sasa unauliza swali moja tu: nani anafika kwanza? Pembe ya juu kulia ina 30 + 0.643V, inafika 120 pale V ikiwa 140 kN. Chini kulia ingesubiri mpaka 157.5, za kushoto mbali zaidi. Basi hinji ya kwanza iko mwisho wa bimu upande wa kulia, V = 140 kN, msogeo 9.4 mm.

Hapa ndipo watu wanateleza: wakishapata hinji ya kwanza wanaendelea na zile 0.643 na 0.857 za mwanzo. Hapana. Fremu imebadilika, pale penye hinji momenti imegandishwa kwenye 120 na haiongezeki tena, kwa hiyo kila nguvu mpya inayoingia unaichambua kwa fremu mpya yenye bawaba pale, na unachojumlisha ni ongezeko tu juu ya hali uliyoiacha. Kwenye 140 kN hali ilikuwa hivi: juu kulia 120, chini kulia 135, chini kushoto 105, juu kushoto 60. Kwa fremu mpya ugumu umeshuka mpaka 8,762 kN/m, na kila 1 kN ya nyongeza inaongeza 0.913 chini kulia, 1.304 chini kushoto na 0.783 juu kushoto. Chini kulia imebakiza 15 tu, hivyo inafika baada ya 16.4 kN zaidi.

Unarudia hivyohivyo. Nguzo ya kulia sasa ina hinji juu na chini, haina mchango wowote mpya, inabeba kile ilichonacho tu. Ya kushoto inabaki peke yake na ugumu wa 6,095 kN/m, na hinji yake ya chini inakuja baada ya 12.6 kN. Kutoka hapo ugumu unaporomoka mpaka 1,333 kN/m, na hinji ya nne inazaliwa juu kushoto. Kurva nzima ni hii:

```
hinji         V (kN)   msogeo (mm)
juu kulia     140.0     9.4
chini kulia   156.4    11.3
chini kushoto 169.0    13.3
juu kushoto   180.0    21.6
```

Baada ya hapo ni mstari wa bapa kwenye 180, fremu imekuwa mekanizimu. Angalia jinsi kN 11 za mwisho zilivyokula milimita 8.3, karibu sawa na zile 140 za kwanza.

Kwa kila mstari jumlisha momenti nne za nguzo (juu na chini), lazima upate V mara 3, maana urefu ni mita 3. Mwishoni: 120 + 120 + 150 + 150 = 540, gawa kwa 3 ni 180. Ikikataa, kuna alama ya kujumlisha au kutoa umeigeuza. Na kitu kimoja cha kweli kabisa: hinji ya mwisho haikai haswa kwenye pembe ya kushoto, inakaa kama sentimita 33 ndani ya bimu kwa sababu ya mzigo wa wima, lakini tofauti kwenye V haifiki asilimia 1 kwa hiyo mimi naiacha. Mzigo wa bimu ukiwa mkubwa kuliko huu usiiache, utapata nguvu ambayo fremu haina.

Hatua ya 4: Kwenye kompyuta, na ule mstari uliotumaliza siku

Mimi natumia OpenSees kwa sababu naona kila kinachotokea. Zile programu za kubofya zina hinji za kujijaza zenyewe na mtu anaishia kuamini mchoro ambao hajui umetoka wapi. Sukuma kwa kudhibiti msogeo, usidhibiti nguvu, maana ukidhibiti nguvu ukifika 180 hesabu inagoma na hutaona mstari wa bapa kabisa.

Sasa shida ya dogo. Kurva yake ilifika 180 safi kabisa, lakini hinji ya kwanza ilitokea 148 badala ya 140. Tukakagua EI, tukakagua urefu, tukapunguza hatua za kusukuma, tukabadilisha namna ya kutafuta mlingano, ikabaki 148 ileile. Na kwa kuwa kilele kilikuwa sahihi tukawa tunasema modeli ni nzuri, labda kosa liko kwenye hesabu ya mkono. Kumbe kilele hakikuweza kutuambia kitu, nguvu ya mekanizimu inategemea momenti za plastiki tu, haijali hinji zilikuja kwa mpangilio gani.

Kosa lilikuwa hili: baada ya kuweka mzigo wa wima hakuugandisha. OpenSees ina kizidishi kimoja kinachopandisha mizigo yote ambayo haijagandishwa, kwa hiyo mara tu alipoanza kusukuma, mzigo wa wima nao ukarudi karibu na sifuri ukaanza kupanda sambamba na wa mlalo. Yeye alikuwa ameweka mzigo wa mlalo wa 180 kN kama kipimo, basi kizidishi kilipofika 0.82 mzigo wa wima nao ulikuwa 0.82 yake, na kilipofika 1 vyote vilikuwa kamili, ndiyo sababu mwisho ulikubali na mwanzo ukakataa. Dawa ni mstari wa kwanza hapa, unakaa baada ya uchambuzi wa mzigo wa wima na kabla ya kuandika ule wa mlalo:

```
loadConst -time 0.0
# hapa unaandika pattern ya mzigo wa mlalo
integrator DisplacementControl 3 1 0.0001
analyze 380
```

(3 ni nodi ya juu, 1 ni uelekeo wa mlalo, hatua ni 0.1 mm, kwa hiyo inafika 38 mm.) Namna ya kuligundua ni rahisi na sasa naifanya kila mara: rekodi jumla ya nguvu za wima kwenye misingi kwa kila hatua. Hapa lazima ikae 90 kN kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Yake kwenye hinji ya kwanza ilisoma 74. Tungeangalia hapo asubuhi tungekuwa tumemaliza kabla ya chai.

Hatua ya 5: Msogeo lengwa

Kurva inasema fremu inaweza nini, msogeo lengwa ni pale ambapo tetemeko lenyewe litaifikisha. Natumia njia ya N2 ya Peter Fajfar wa Ljubljana, ndiyo iliyoingia kwenye Kiambatisho B cha EN 1998-1. Napenda kwamba haihitaji kuzungukazunguka na grafu. Tuseme fremu hii inashikilia kwa mlalo tungamo la tani 40 (sehemu kubwa ya dari imebebwa na nguzo nyingine ambazo hazizuii tetemeko), udongo wa aina B, mtikisiko wa 0.25g, kwa hiyo spektra kwenye sehemu yake ya bapa ni 0.75g yaani 7.36 m/s², na TC, kipindi ambapo sehemu hiyo ya bapa inaishia, ni 0.5 s.

Kwanza kurva inanyooshwa iwe mistari miwili yenye eneo sawa chini yake. Eneo mpaka 21.6 mm ni 2,709 kN·mm. Hapa dy ni msogeo wa kona ya mistari hiyo miwili, Fy ni ile 180 kN, T ni kipindi cha fremu, de ni msogeo kama fremu ingebaki elastiki, q ni nguvu ya elastiki gawa kwa Fy, na dt ndiyo lengo:

```
dy = 2(21.56 - 2709/180) = 13.0 mm
T  = 2π √(m·dy/Fy) = 0.34 s
de = 7.36·(T/2π)² = 21.3 mm
q  = 40·7.36/180 = 1.64
dt = (de/q)·[1 + (q-1)·TC/T] = 25 mm
```

Watu wengi wanaishia kwenye 21.3 wakisema msogeo wa plastiki ni sawa na wa elastiki. Hiyo inafaa T ikizidi TC. Jengo fupi gumu kama hili likishalegea linasogea zaidi ya vile lingesogea likiwa elastiki, hapa 25 dhidi ya 21. Na kanuni inataka kurva ifike asilimia 150 ya lengo, ndiyo ile 38 mm niliyoweka juu.

Hatua ya 6: Rudi kwenye hinji

Namba ya 25 mm peke yake haisemi kama jengo limeumia. Uliza kila hinji imezunguka kiasi gani. Chini kulia ni rahisi: tangu 11.3 mm nguzo ile inazunguka kama fimbo, kwa hiyo milimita 14 gawa kwa 3,000 ni 0.0047 rad. Hinji ya kwanza, ile ya mwisho wa bimu, imeanza mapema na bimu nayo inapinda kinyume, inafika 0.0069. FEMA 356 kwa bimu yenye chuma cha juu na chini sawa na shia ndogo, kiwango cha jengo kuendelea kutumika mara moja ni 0.010 kama ringi zimefungwa kwa ukaribu unaotakiwa, na 0.005 kama hazijafungwa hivyo. Fremu ileile, kurva ileile, inapita au inaanguka kwa nafasi za ringi kwenye kipande kile cha bimu karibu na nguzo ya kulia, na kwa kuwa tetemeko linasukuma pande zote, cha kushoto pia.