Kupima protini ghafi ya mashudu ya alizeti kwa titresheni rejea

Mfano wangu hapa ni mashudu ya alizeti yaliyosagwa yakapita chekecheke ya milimita 1.

1. Pima gramu 0.500 za sampuli, uziweke kwenye mrija wa kuunguzia. Ongeza gramu 7 za salfeti ya potasiamu, gramu 0.8 za salfeti ya shaba na mililita 12 za asidi kali ya salfuriki. Andaa na mrija mwingine wenye kemikali zote bila sampuli. Huo ndio mrija tupu.

2. Unguza kwa nyuzi 420 ndani ya kabati la kuvuta moshi, kwa kama saa moja. Mwanzoni utaona uji mweusi wenye povu. Usitoe mpaka ubaki maji maangavu ya kijani-buluu, kwa sababu weusi uliobaki ukutani mwa mrija ni sampuli isiyoungua, yenye naitrojeni ambayo haijawa amonia. Acha upoe kabisa ndipo umimine maji mililita 75, polepole.

3. Kwenye chupa ya kupokelea weka kwa pipeti mililita 25.0 za asidi ya haidrokloriki 0.1 M na matone machache ya methili nyekundu. Ncha ya mrija wa kondensa izame ndani ya asidi, la sivyo amonia itapotea hewani.

4. Kwenye mrija wa kuunguzia ongeza mililita 50 za sodiamu haidroksaidi ya asilimia 40, kisha pitisha mvuke. Yaliyomo lazima yageuke meusi au buluu iliyokoza. Yasipogeuka, alkali haikutosha na amonia haitatoka. Kusanya kama mililita 150. Shusha chupa kabla ya kuzima mvuke, maana ukizima kwanza kondensa itafyonza asidi yako.

5. Asidi iliyobaki itafute kwa sodiamu haidroksaidi 0.1 M hadi wekundu ugeuke njano. Fenolfthalini usiitumie: chumvi ya amonia ni asidi hafifu, hivyo utapitiliza.

Bureti ilisoma 24.9 kwa mrija tupu na 8.9 kwa mashudu. Hapa wengi huchanganyikiwa: alkali ikitumika kidogo, protini ni nyingi.

```
N (%) = (24.9 - 8.9) x 0.1 x 1.4007 / 0.500 = 4.48
Protini ghafi = 4.48 x 6.25 = 28.0 %
```

Siku moja nilipima dagaa kwa vipimo hivi hivi, na chupa ikawa njano kabla sijagusa bureti. Dagaa wa protini asilimia 56 hutaka mililita 32 za asidi, nami niliweka 25. Sampuli hiyo haiokoleki. Rudia kwa gramu 0.25.

Majibu yakishuka bila sababu, kenekesha gramu 0.100 za salfeti ya amonia bila kuiunguza. Tofauti na mrija tupu iwe karibu mililita 15.1. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Ikikaa sawa, tatizo liko kwenye kuunguza.

Na kipimo hiki huhesabu naitrojeni tu. Aliyechanganya yurea kwenye chakula atapata protini nzuri sana kwenye karatasi.